Bomba la stenlesi kwa maji ya kunywa: kulichagua, kuliunga, na hesabu yake mbele ya shaba

Kabla hujauliza bei ya bomba, onja maji ya kisima chako. Ulimi huanza kuhisi chumvi pale kloridi inapokaribia miligramu 250 kwa lita. Bomba la stenlesi la daraja la 304, ambalo ndilo rahisi kupatikana madukani, hushauriwa kwa maji baridi yenye kloridi isiyozidi miligramu 200 hivi. Kwa hiyo ukishaonja chumvi, 304 haikufai, hata muuzaji akiisifia vipi.

Naandika haya kwa anayejenga au anayekarabati nyumba ukanda wa pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, ambako visima vingi vina chumvichumvi na mabomba ya chuma ya kupakwa zinki hutapika kutu baada ya miaka michache. Wengi wetu tumehamia bomba za plastiki za PPR, na sina ugomvi nazo. Bei yake ni ndogo kuliko ya stenlesi na ya shaba, na kwa nyumba ya kawaida zinatosha. Lakini kuna mahali plastiki haifai: bomba linalopanda ukutani juani, chumba cha pampu chenye mtikisiko, jengo la wageni ambalo halitakiwi kubomolewa ukuta kila baada ya muda. Hapo ndipo mtu huanza kupima kati ya stenlesi na shaba.

Kwanza: pima maji, ndipo uchague daraja

Stenlesi haishiki kutu kwa sababu ya utando mwembamba sana wa oksidi ya kromiamu unaojijenga wenyewe juu yake, na ukikwaruzwa hujiziba kwa hewa iliyomo kwenye maji. Kloridi ndiyo adui wa utando huo. Haiuli bomba zima kama kutu inavyokula chuma cha kawaida. Hutafuta sehemu moja dhaifu na kuchimba kishimo kama cha ncha ya sindano, ukuta wote uliobaki ukiwa mzima na unang'aa. Ndiyo maana mtu hushangaa bomba lake linavuja ilhali linaonekana jipya.

Daraja la 304 lina kromiamu takribani asilimia 18 na nikeli 8. Daraja la 316 huongezewa molibdeni, asilimia 2 na ushee, na hiyo ndiyo inayolipa uvumilivu dhidi ya chumvi. Kwa maji baridi, 316 hukubalika hadi kloridi ya miligramu 1,000 kwa lita. Kwa maji ya moto mambo hubana: 304 hushuka hadi 50 hivi, na 316 hadi 250. Watu wengi hukosea hapa, kwa kuwa huchagua bomba kwa maji ya tangi kisha hulipeleka hadi kwenye hita bila kufikiri mara ya pili.

Usichanganye kloridi na klorini. Kloridi ni chumvi iliyoyeyuka, haichemki ikaondoka. Klorini ni dawa ya kuua vijidudu. Dawa hiyo pia hula stenlesi ikiwa kali na ikikaa, kwa hiyo ukisafisha mfumo mpya kwa klorini usiiache ilale zaidi ya siku moja, kisha suuza mpaka harufu iishe.

Peleka lita moja ya maji maabara ya maji iliyo karibu na uombe kipimo cha kloridi na cha pH. Kama kisima kiko karibu na bahari, chukua sampuli mwishoni mwa kiangazi, maana maji ya masika hudanganya.

Tuchukue nyumba moja ya Kigamboni, ya ghorofa moja: kisima, tangi juu ya paa, jiko, vyumba viwili vya kuogea na hita. Tuseme kipimo kimeleta kloridi 420 na pH ya 7.6. Kwa maji baridi 304 imeondoka, 316 inakaa vizuri. Kwa maji ya moto hata 316 imepitwa. Mwenye nyumba anavuna pia maji ya mvua, ambayo karibu hayana kloridi. Akichanganya nusu kwa nusu tangini anapata kama 210, na hapo 316 inaruhusiwa hata kwenye moto. Hesabu ni nzuri, ila mvua haipo Agosti. Mimi napanga kwa siku mbaya kuliko zote: bomba baridi zote 316, na mstari wa kutoka kwenye hita uwe wa PPR ya maji ya moto. Hakuna aibu kuchanganya.

Sasa dukani. Usitegemee sumaku. Wengi hupima stenlesi kwa sumaku wakiamini ikishika ni feki na isiposhika ni halali. Daraja la 201, ambalo ni duni kwa maji yenye chumvi, nalo halishiki sumaku. Na lipo daraja zuri la maji ya kunywa, 1.4521, ambalo sumaku hulishika barabara. Soma maandishi yaliyochapwa mwilini mwa bomba. Kwa 316 tafuta 316L, 1.4401 au 1.4404, pamoja na kipenyo na unene, kwa mfano 22 x 1,2. Bomba lisilo na maandishi, mwachie fundi wa mageti na reli za ngazi.

Pili: chagua namna ya kuunga

Kwa bomba jembamba la nyumbani zipo njia nne utakazosikia, na moja tu ndiyo ninayoishauri kwa mtu asiye na karakana.

Kukata nyuzi kunahitaji bomba nene, lile la viwandani. Ukuta wa milimita 1 hauna nyama ya kukata nyuzi. Hata kwenye bomba nene, stenlesi kwa stenlesi hukamatana: unakaza, ghafla nati inagoma, haiendi mbele wala hairudi nyuma. Paka mafuta maalumu ya nyuzi yanayoruhusiwa kwa maji ya kunywa, na ukaze polepole.

Kuchomelea kwa gesi ya agoni hutoa kiungo imara kuliko vyote, kwa sharti moja ambalo mafundi wengi hulikwepa: ndani ya bomba nako kujazwe agoni wakati unachoma. Usipofanya hivyo, upande wa ndani, ambao huuoni na ndio unaoguswa na maji, huota ganda jeusi lenye chembechembe kama sukari guru. Hapo utando wa kromiamu umekufa, na kloridi itaanzia hapo. Rangi ya bluu au kahawia pembeni mwa mshono ni dalili hiyohiyo, na lazima iondolewe kwa dawa ya asidi ambayo si ya kuchezea nyumbani.

Viungo vya nati na ringi hufaa mahali pa kufungua na kufunga, kama kwenye pampu au mita. Usivifukie ukutani.

Njia ya nne ni fitingi za kubana kwa mashine. Kila mdomo wa fitingi una oringi ya mpira mweusi wa EPDM ndani yake. Bomba huingizwa, mashine yenye taya hubana fitingi pamoja na bomba, chuma kinashika na mpira unaziba. Hakuna moto na hakuna risasi, wala huhitaji kukausha bomba kwanza. Hii ndiyo tutakayoifuata.

Njia ya tano siitaji isipokuwa kuikataza: kulehemu stenlesi kwa risasi laini kama ile ya shaba. Hushika, lakini flaksi yake, yaani dawa ya kusafishia kiungo, ina kloridi, na ikibaki kwenye kiungo huanza kula stenlesi kutoka hapohapo.

Tatu: kuunga kwa kubana, hatua kwa hatua

Pima urefu ukikumbuka kwamba bomba huingia ndani ya fitingi. Kwa mifumo mingi bomba la milimita 15 huingia 20, la 22 huingia 21, na la 28 huingia 23. Soma jedwali la fitingi zako, maana kampuni hutofautiana. Umbali kati ya uso wa fitingi moja na nyingine ukiwa sentimita 50, na bomba ni la 22, basi kata milimita 500 jumlisha 21 jumlisha 21, yaani 542.

Kata kwa kikata bomba chenye gurudumu la stenlesi, au msumeno wa meno madogo. Weka grenda mbali. Kwanza, joto lake huunguza utando mwisho wa bomba. Pili, cheche za chuma cha kawaida kutoka kazi nyingine hurukia stenlesi na kuganda, na baada ya wiki unaona madoa ya kutu ukadhani umeuziwa feki. Gurudumu lililokata bomba la chuma jana pia hubeba kutu hiyo, kwa hiyo weka gurudumu la stenlesi peke yake.

Ondoa makali, nje na ndani. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayovujisha. Ukingo uliobaki na unyoya wa chuma hukata oringi wakati wa kuingiza, mkato mdogo usioonekana, na kiungo hutoa tone moja kwa dakika. Pitisha kidole taratibu. Kikikwama, bado.

Chora kwa kalamu alama ya kina cha kuingia kwenye kila mwisho wa bomba. Tazama ndani ya fitingi kama oringi ipo na haina mchanga. Usipake grisi wala mafuta ya kula. Mpira wa EPDM huvimba na kulainika kwa mafuta ya petroli. Ukihitaji ulaini, tumia maji au sabuni kidogo.

Ingiza kwa kuzungusha kidogo, sio kwa kugonga, mpaka alama iguse mdomo wa fitingi. Unga chumba kizima kikavu kwanza, nyoosha, funga vishikio ukutani, ndipo ubane. Ukibana kabla ya kunyoosha utalazimika kulipinda bomba baadaye, na hapo mpira unakaa upande.

Weka taya za ukubwa uleule, na za umbo linalokubaliana na fitingi. Yapo maumbo mawili yanayotumika sana, M na V, na taya ya moja haibani sawasawa fitingi ya nyingine hata kama namba ya kipenyo ni ileile. Taya zikae wima kwa bomba, mfereji wake ukumbatie uvimbe wa fitingi. Bonyeza na usiachie mpaka mashine imalize yenyewe. Tazama alama yako: ikiwa imesogea zaidi ya milimita mbili tatu, kata kiungo hicho, hakirekebishiki. Kisha weka nukta ya rangi nyingine kwenye kila mdomo uliobanwa.

Hiyo nukta niliijua kwa gharama. Kwenye nyumba moja nilisahau kubana mdomo mmoja wa tii nyuma ya kabati la jiko. Tangi lilikuwa mita sita juu, yaani shinikizo la baa 0.6 tu, na mpira peke yake ulitosha kulizuia. Tulifungua maji, hakuna tone, nikalipwa. Miezi minane baadaye mwenye nyumba akafunga pampu ya kuongeza nguvu. Usiku huohuo tii ikachomoka na jiko likawa bwawa. Kosa lilikuwa langu na nililipa mbao za kabati.

Kwa hiyo jaribu kwa pampu ya mkono, usiliamini tangi. Jaza maji huku ukitoa hewa kwenye bomba la juu kabisa. Anza na baa 2 hadi 3, zunguka na tochi kiungo kwa kiungo. Fitingi nyingi za sasa zimetengenezwa kuvuja makusudi zisipobanwa, na hujionyesha kwenye shinikizo hilo dogo. Kisha panda hadi baa 10 au mara moja na nusu ya shinikizo la kazi, lolote lililo kubwa, bila kupita kikomo cha fitingi, ambacho kwa nyingi ni baa 16. Acha nusu saa. Sindano ikishuka kidogo mwanzoni huenda ni joto la maji. Ikiendelea kushuka, kuna tone mahali.

Baada ya jaribio, ama nyumba ianze kutumika, ama mwaga maji yote na ukaushe kwa hewa. Maji ya chumvi yaliyolala nusu bomba kwa miezi mitatu wakati nyumba inasubiri rangi huweza kuharibu kuliko miaka ya matumizi, hasa pale kwenye mstari wa maji na hewa.

Mahali bomba linapopita

Ukuta wa pwani una hatari yake kutoka nje. Plasta ya mchanga wa ufukweni ina chumvi, na unyevunyevu ukiingia huishambulia stenlesi kutoka upande ambao hukuupimia maji. Bomba likipita ndani ya ukuta au ardhini, livike ala ya plastiki isiyopitisha maji, hasa la moto. Likiwa wazi kwenye baraza inayotazama bahari, 304 hupata madoa ya rangi ya chai kwa upepo wa chumvi. Madoa hayo ni ya juujuu, ila ni ukumbusho kwamba 316 ndiyo ya pwani.

Ukiunga stenlesi na bomba la zamani la chuma lenye zinki, lile la zinki ndilo litakaloliwa, tena haraka, karibu na kiungo. Weka kati yao kipande cha bronzi cha sentimita 5 au zaidi. Kuunga stenlesi na shaba kwenye maji ya kunywa si tatizo kubwa, mradi sehemu ya shaba isiwe kijipande kidogo kati ya stenlesi ndefu.

Hesabu mbele ya shaba

Bei za duka hubadilika, kwa hiyo nitakupa namna ya kuhesabu. Mita moja ya bomba la shaba la 22 lenye unene wa 0.9 ina uzito wa gramu 530 hivi. Stenlesi ya 22 kwa 1.2 ina gramu 630. Stenlesi basi ina uzito zaidi, lakini kilo yake ni rahisi. Kati ya 2022 na 2024 tani ya shaba katika soko la London ilicheza kati ya dola 7,000 na 11,000, na tani ya 304 kwa kawaida huwa chini ya nusu ya hiyo. Molibdeni na nikeli huipandisha 316, ila bado huwa chini ya shaba. Ndiyo maana mita kwa mita stenlesi mara nyingi hulingana na shaba au huwa rahisi kidogo, na shaba inapopanda sokoni pengo hukua.

Mzani hugeuka kwenye fitingi. Nyumba yetu ya Kigamboni, tuseme, ina mita 40 za bomba na fitingi 45, zenye midomo kama 100. Elbo ya shaba ya kulehemu ni kipande chepesi cha bei ndogo. Elbo ya stenlesi ya kubana ina mpira, ina mashine nyuma yake, na bei yake huweza kufikia mita kadhaa za bomba. Kwa hiyo ukiomba bei, usiulize "mita shilingi ngapi" peke yake. Hesabu midomo kwenye mchoro, omba bei ya kila aina ya fitingi, na ndipo ujumlishe. Nimeona fitingi zikizidi bomba kwa gharama katika bafu moja dogo.

Upande wa pili weka muda. Mdomo mmoja wa shaba ni kusugua, flaksi, moto, risasi isiyo na madini ya risasi halisi, kupoa na kufuta. Dakika kadhaa kwa fundi mzuri. Mdomo wa kubana ni sekunde chache baada ya maandalizi. Kwa midomo 100 hiyo ni tofauti ya siku nzima au zaidi. Mashine ya kubana yenyewe, seti ya kampuni kubwa, huzidi dola elfu moja, hivyo usiinunue kwa nyumba moja. Kodi, au mpe kazi fundi aliye nayo. Kwa kurekebisha viungo vitano tu, shaba na moto hushinda bila mjadala.

Suala la kudumu nalo hutegemea maji. Shaba haiogopi kloridi 420 kama 304 inavyoiogopa. Yenyewe huogopa maji laini yenye asidi, pH chini ya 7, na maji ya visima vyenye hewa ya ukaa nyingi. Maji ya mvua kutoka tangi la plastiki ni mfano hasa: hula shaba kidogokidogo, na utaona michirizi ya kijani na bluu kwenye sinki chini ya bomba. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha shaba kwenye maji ya kunywa kuwa miligramu 2 kwa lita, na maji yaliyolala usiku kwenye bomba la namna hiyo huweza kukivuka. Maji hayohayo ya mvua ni raha kwa stenlesi, hata 304. Yakipita kwanza kwenye birika la chokaa au zege hupungua ukali, na shaba hupata nafuu.

Shaba pia huliwa na mwendo. Pampu kubwa kwenye bomba jembamba, maji yakipita mita 2 kwa sekunde, hukwangua elbo zake. Stenlesi haina shida hiyo. Na shaba huibiwa. Januari 2022 Kenya ilisimamisha kwa muda biashara ya vyuma chakavu baada ya miundombinu ya umeme kuhujumiwa, na kila fundi anajua bomba la shaba lililo wazi nyuma ya nyumba lina macho ya watu.

Kwa nyumba ya Kigamboni, kwa hiyo, ningeandika 316 kwa baridi, PPR kwa moto, viungo vya nati pale kwenye pampu tu, na mchoro wenye nukta 100 za kutia rangi.